Saa 24 za polisi, mashine ya Kibirizi na jibu la herufi (d)

Swali: *Shikamoo wakili. Nasoma cheti cha sheria hapa Kigoma. Kwenye maswali ya kuchagua tuliulizwa: "Mtu aliyekamatwa na polisi bila hati ni lazima (a) afikishwe mahakamani ndani ya saa 24, (b) apewe dhamana ndani ya saa 24, (c) aachiwe huru saa 24 zikipita, (d) hakuna jibu sahihi." Wenzangu walijibu (a), mimi (c), mwalimu akasema ni (d) na kengele ikagonga. Nauliza pia kwa sababu shemeji yangu alikamatwa mwaloni Kibirizi Ijumaa saa kumi jioni akiwa na mashine ya boti ambayo namba yake imekwanguliwa, hana risiti. Walinzi wa mwalo walimzuia, askari wawili wakaja. Alipouliza kosa lake akaambiwa "utajua kituoni". Maelezo yake yaliandikwa Jumamosi asubuhi, akatoka Jumatatu kwa dhamana baada ya ndugu kudaiwa laki moja. Je, kukamatwa kwake kulikuwa halali?*

Jibu:

Marahaba, mwanangu. Mwalimu wako yuko sahihi, jibu ni (d). Kuhusu shemeji yako, kwa jinsi ulivyoeleza, kumkamata bila hati kulikuwa ndani ya sheria. Yaliyofuata baada ya pale mwaloni ndiyo yenye kasoro, na kasoro hizo zina uzito tofauti. Nitakwenda nayo kwa mpangilio wa saa zilivyopita, maana sheria yenyewe inahesabu saa, na ukizifuata utaona kwa nini (a), (b) na (c) zote zinavutia na zote zinaanguka.

Sheria tunayoizungumzia ni Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai, Sura ya 20. Namba za vifungu nitakazotaja ni za toleo la 2022. Ukishika toleo jipya zaidi, tafuta maneno ya kifungu na usitegemee namba peke yake, kwa kuwa namba huhama toleo linapobadilika.

Tuanze mwaloni. Watu wengi, hata wanafunzi wa mwaka wa pili, hudhani kukamata kwa hati ndiyo kanuni na kukamata bila hati ni jambo la dharura. Katika maisha ya kila siku ya kituo cha polisi mambo yako kinyume: wengi wanaoingia mahabusu wamekamatwa bila hati, na sheria inaruhusu kwa upana. Kifungu cha 14 kinataja hali ambazo askari anaweza kumkamata mtu bila hati. Anayevunja amani mbele ya askari yumo. Anayemzuia askari kwa makusudi asifanye kazi yake yumo, na anayetoroka chini ya ulinzi halali naye yumo. Pamoja na kifungu hicho, Jedwali la Kwanza la sheria lina safu inayoonyesha, kosa kwa kosa katika Kanuni ya Adhabu, kama polisi anaweza kukamata bila hati au hawezi.

Hali inayomgusa shemeji yako ni ya mtu anayekutwa na kitu ambacho kinaweza, kwa sababu za msingi, kushukiwa kuwa ni cha wizi. Maneno ya kushika hapo ni "sababu za msingi". Askari hahitaji uthibitisho. Hahitaji kuwa na mlalamikaji aliyesimama pembeni akisema "ile ni yangu". Anachohitaji ni jambo analoweza kulieleza baadaye mbele ya hakimu, na hakimu akaona kwamba mtu mwenye akili timamu angeshuku. Mashine ya boti ina namba iliyogongwa kwenye kibati au kwenye mwili wake, na kila mvuvi wa ziwa hili anajua kwamba namba hiyo ndiyo utambulisho wake. Ikiwa imekwanguliwa, na aliyenayo hana risiti wala hati ya mauziano, shaka ipo. Huenda shemeji yako alinunua kwa nia njema kabisa kutoka kwa mtu wa Ujiji au wa ng'ambo ya ziwa. Hilo ni suala la utetezi wake kwenye kesi. Uhalali wa kukamata hupimwa kwa kile askari alichokijua na kukiona wakati ule. Yaliyokuja kujulikana wiki mbili baadaye hayahesabiwi.

Hebu tubadilishe jambo moja uone mpaka ulipo. Kama mashine ingekuwa na namba safi, na mlalamikaji akawaambia askari, "Nilimuuzia kwa mkopo, hajamaliza kunilipa," hapo shaka ya wizi haipo. Ni deni. Deni ni la madai, linafunguliwa mahakamani kwa njia ya madai, na askari akimkamata mtu kwa ajili ya deni amekamata bila sababu ya kisheria hata kama amevaa sare na amefungua jalada. Hili naliona mara nyingi kwenye biashara ya dagaa na ya mawese: anayedai anakwenda kituoni, deni linaandikwa "wizi" au "kujipatia mali kwa njia ya udanganyifu", na mdaiwa analala ndani mpaka ndugu walipe. Ukikutana na swali la mtihani lenye mkopo ndani yake, simama usome mara mbili.

Sasa walinzi wa mwalo. Hawa si polisi, na mamlaka yao ni membamba zaidi. Kwa kifungu cha 16, raia wa kawaida anaweza kumkamata mtu anayetenda mbele yake kosa la aina ile ambayo polisi angekamata bila hati, na mwenye mali au watu wake wanaweza kumkamata anayekutwa akiiharibu mali hiyo. Akishamkamata, raia anatakiwa kumkabidhi kwa polisi bila kuchelewa pasipo sababu. Hapaswi kumhoji, kumpiga wala kumfungia stoo ya nyavu mpaka asubuhi. Kama walinzi walimzuia shemeji yako kwa dakika chache wakapiga simu na askari wakafika, mahakama haitatumia muda mwingi hapo. Wangemshikilia usiku kucha, lingekuwa jambo jingine.

Watu wa upande wa Tabora wataniuliza kuhusu sungusungu, maana vikundi hivyo vilianzia miaka ya mwanzo ya 1980 huko kwa Wasukuma na Wanyamwezi. Wao sheria iliwapa nafasi yao mwaka 1989, kupitia marekebisho ya sheria za mgambo, kwa hiyo walio katika kikundi kinachotambuliwa wana mamlaka makubwa zaidi ya kukamata kuliko raia wa kawaida. Lakini hawana mamlaka ya kuhukumu wala kutoza faini, na wanaowakamata lazima wawafikishe kituoni.

Turudi kwa "utajua kituoni". Hapa pana kasoro ya kwanza. Kifungu cha 23 kinasema anayemkamata mtu amweleze, wakati wa kumkamata, kosa analokamatiwa. Hatakiwi kutumia lugha ya kisheria wala kutaja namba ya kifungu. Inatosha kusema, "Tunakukamata kwa sababu mashine hii tunaishuku ni ya wizi." Kuna mahali ambapo wajibu huo unaondoka: pale mazingira yenyewe yanapomfanya mtu ajue anakamatiwa nini, na pale yeye mwenyewe anapofanya isiwezekane kumwambia, kwa mfano kwa kukimbia au kuwapiga wanaomkamata. Upande wa mashtaka utasema shemeji yako alijua, kwa sababu askari walikuwa wanaigeuza ile mashine mikononi na kutafuta namba. Hoja hiyo ina nguvu kiasi. Lakini yeye aliuliza, na akanyimwa jibu, nami naona mtu anayeuliza ana haki ya kujibiwa palepale.

Kasoro hiyo inafanya nini kwenye kesi? Wateja hawapendi jibu langu hapa, lakini ni lazima wewe ulijue, kwa sababu huulizwa kwenye mitihani. Kukamatwa kinyume cha sheria hakufuti shtaka. Mahakama inaweza kuendelea kumsikiliza mshtakiwa aliyekamatwa vibaya, ikamtia hatiani au ikamwachia kwa kutazama ushahidi. Ukamataji mbaya una njia zake tofauti: ombi Mahakama Kuu la kumfikisha mtu mbele yake ili uhalali wa kushikiliwa kwake uchunguzwe, kama bado yuko ndani, au madai ya fidia kama ameshatoka. Kwa madai dhidi ya Serikali unatakiwa kutoa kwanza notisi ya siku 90. Kwa hiyo chaguo la mtihani linalosema "kesi itafutwa kwa sababu hakuelezwa kosa" lina harufu ya kweli lakini si kweli.

Sasa tuingie kwenye saa, na ndipo swali lako lilipo. Shemeji yako alikamatwa Ijumaa saa kumi jioni. Shika saa hiyo, kwa sababu kuna hesabu mbili zinazoanzia hapo, na wanafunzi huzichanganya.

Hesabu ya kwanza ni fupi, nayo ni ya mahojiano. Kifungu cha 50 kinampa mpelelezi saa nne za msingi kumhoji mtu aliye chini ya ulinzi, na saa hizo zinaanza kuhesabiwa tangu mtu aliponyimwa uhuru wa kwenda zake. Hazingoji mpelelezi afungue kalamu. Muda wa kumsafirisha kwenda kituoni hauhesabiwi, wala muda wa kumsubiri wakili au ndugu aliyeombwa aje. Kama saa nne hazitoshi, kifungu cha 51 kinaruhusu kuongeza mpaka saa nane, lakini kuongeza huko kuwe kwa uamuzi wenye sababu na mshukiwa ajulishwe. Shemeji yako, tuseme safari ya kwenda kituoni ilichukua nusu saa. Saa nne zake ziliisha saa mbili na nusu usiku wa Ijumaa. Hata zingeongezwa nane, zingeisha saa kumi na nusu alfajiri. Maelezo yake, yale yanayoitwa maelezo ya onyo, yaliyoandikwa Jumamosi asubuhi yako nje ya muda, isipokuwa upande wa mashtaka uonyeshe muda uliotumika kwa sababu zinazokubalika au ruhusa iliyopatikana.

Hii ndiyo kasoro ninayoiona nzito kuliko zote kwenye shauri hili, kwa sababu inagusa ushahidi wenyewe. Mahakama ya Rufani imeyaondoa maelezo ya onyo kwenye kumbukumbu katika mashauri mengi kwa sababu hii hii ya muda. Hata hivyo hayaondoki yenyewe. Wakati mpelelezi anapoyatoa mahakamani kama kielelezo, wakili au mshtakiwa mwenyewe lazima asimame apinge. Na hapo panahitajika kumbukumbu: saa aliyokamatwa, saa aliyoandikwa kwenye kitabu cha kituo, saa iliyoandikwa juu ya karatasi ya maelezo. Karatasi ya maelezo ya onyo ina nafasi ya saa ya kuanza na saa ya kumaliza. Mwambie shemeji yako aandike leo, kwa mkono wake, anachokumbuka kuhusu saa hizo na nani alikuwepo mwaloni, kabla kumbukumbu haijachuja.

Hesabu ya pili ndiyo ya saa 24, na iko kifungu cha 32. Nitakieleza polepole. Kifungu kinasema mtu akikamatwa bila hati kwa kosa ambalo adhabu yake si kifo, mkuu wa kituo anaweza kumwachia kwa dhamana wakati wowote. Halafu kinaongeza neno "lazima": kama inaonekana haitawezekana kumfikisha mahakamani ndani ya saa 24 tangu alipokamatwa, mkuu wa kituo lazima alichunguze jambo lake na amwachie kwa dhamana, akiwa na wadhamini au bila wadhamini, isipokuwa kosa linaonekana kwake kuwa ni kubwa. Na akibaki ndani kwa sababu kosa ni kubwa, afikishwe mahakamani mapema iwezekanavyo. Kwa kosa la adhabu ya kifo hakuna saa 24 kabisa: ni mapema iwezekanavyo tu.

Sasa weka machaguo yako juu ya maneno hayo. Chaguo (a) linasema lazima afikishwe mahakamani ndani ya saa 24. Sheria haikusema hivyo kwa kila mtu. Mtuhumiwa wa mauaji amekamatwa bila hati naye, na kwake kipimo ni mapema iwezekanavyo. Chaguo (b) linasema lazima apewe dhamana ndani ya saa 24. Wajibu huo unakuja pale tu ambapo haitawezekana kumfikisha mahakamani kwa wakati, na hata hapo kosa kubwa linautoa. Chaguo lako (c) lina nusu ya ukweli, na nadhani ndiyo maana ulilichagua. Kifungu cha 64 kinamtaka mkuu wa kituo amwachie mtu ambaye saa 24 zimepita tangu akamatwe na hakuna shtaka rasmi lililofunguliwa dhidi yake, lakini hapo pia limo lile neno "isipokuwa", pale anapoamini kwa sababu za msingi kuwa kosa ni kubwa. Swali lako liliweka neno "lazima" na halikuweka isipokuwa yoyote. Ndiyo maana jibu ni (d). Kama swali lingesema "kwa kosa lisilo kubwa, ikiwa haiwezekani kumfikisha mahakamani ndani ya saa 24", jibu lingehama kwenda kwenye dhamana.

Ukishaelewa kwamba saa 24 ni kipimo cha wajibu wa mkuu wa kituo, utaiona Ijumaa ya shemeji yako kwa jicho jingine. Mahakama zetu kwa kawaida hazisikilizi mashauri Jumamosi na Jumapili. Aliyekamatwa Ijumaa saa kumi jioni, saa 24 zake zinaishia Jumamosi saa kumi jioni. Mkuu wa kituo hakuhitaji kungoja saa hiyo ifike ndipo ajue kuwa mahakama haitakuwa wazi. Alijua Ijumaa ileile jioni, jalada lilipofunguliwa. Kwa hiyo wajibu wa kulichunguza jambo na kuamua kuhusu dhamana ulianza Ijumaa usiku. Ninaposikia mtu akiambiwa "leo Ijumaa, subiri Jumatatu", najua kifungu kimesomwa kinyume: wikiendi imefanywa kuwa sababu ya kumweka ndani, na kumbe kwa kosa lisilo kubwa wikiendi ndiyo inayomlazimu mkuu wa kituo amtoe.

Je, kosa la shemeji yako ni kubwa? Wizi wa kawaida adhabu yake inafika miaka 7 jela, na kukutwa na mali inayoshukiwa ya wizi inafika miaka 3. Si makosa madogo ya kutupiliwa mbali, na mashine ya boti ni riziki ya watu. Lakini hakuna silaha, hakuna aliyeumizwa, na makosa yote mawili yana dhamana hata mahakamani. Kwa maoni yangu mkuu wa kituo angepata shida kumshawishi hakimu kwamba alikuwa na sababu ya kumweka siku tatu, labda kama kulikuwa na watuhumiwa wengine wanaotafutwa na ilihofiwa atawaonya. Hofu hiyo sheria inaitambua. Kifungu cha 65 kinampa mambo ya kupima: je, mtu huyu atarudi akiitwa, kwa kuangalia makazi, kazi na familia yake, je, yeye mwenyewe ana shida gani akibaki ndani, kama majeraha au haja ya kujiandalia utetezi, na je, akitoka ataharibu ushahidi au kuwatisha mashahidi. Mvuvi mwenye mke na watoto Kibirizi, anayejulikana na mwenyekiti wa mtaa, ana majibu mazuri kwa karibu yote. Angekuwa mgeni asiye na makazi yanayojulikana, ambaye kesho anaweza kupanda boti akavuka ziwa, mkuu wa kituo angekuwa na hoja.

Na akikataa dhamana, aandike sababu. Hili halijulikani sana. Sheria inamtaka askari anayenyima dhamana aweke sababu zake kwenye maandishi, na mshukiwa ana haki ya kuomba afikishwe kwa hakimu ili aombe dhamana huko. Ndugu wanaokwenda kituoni wakauliza kwa adabu, "Afande, tunaomba kujua sababu za kunyimwa dhamana zimeandikwa wapi," mara nyingi hubadilisha mazungumzo. Waende na mtu mmoja au wawili wenye vitambulisho vya taifa na barua ya serikali ya mtaa inayoonyesha wanaishi wapi. Kwa dhamana ya polisi hayo kwa kawaida yanatosha.

Laki moja ilikuwa ya nini? Dhamana ya polisi haina malipo. Kuna kiasi kinachoandikwa kwenye hati ya dhamana, kwa mfano shilingi 500,000, lakini hiyo ni ahadi: mdhamini anakubali kulipa iwapo mtuhumiwa hatatokea. Hakuna noti inayobadilishana mikono wakati wa kusaini. Ikiwa ndugu walilipa na hawakupewa stakabadhi ya Serikali, hiyo haikuwa dhamana, na wanaweza kulifikisha kwa mkuu wa polisi wa wilaya au TAKUKURU. Nashauri walifanye kwa maandishi, wakitaja siku, saa na waliokuwepo, bila kuongeza chumvi.

Swali jingine ambalo naamini litakuja kwenye karatasi yenu ni la dhamana ya mahakama. Linakuja hivi: "Lipi kati ya haya halina dhamana? (a) wizi, (b) kujeruhi, (c) unyang'anyi wa kutumia silaha, (d) kuvunja nyumba na kuiba." Jibu ni (c). Kifungu cha 148(5) kina orodha ya makosa ambayo mahakama yoyote, hata Mahakama Kuu, haiwezi kuyatolea dhamana. Mauaji yamo, uhaini umo, unyang'anyi wa kutumia silaha umo, ugaidi, utakatishaji fedha na usafirishaji haramu wa binadamu vimo pia. Kifungu hichohicho kinamfungia mlango mtu ambaye aliwahi kupewa dhamana na mahakama akatoroka. Kwa hiyo ile kauli ya "dhamana ni haki" ni kweli kwa makosa mengi, na si kweli kwa hayo. Chaguo la mtihani likisema "kila mshtakiwa ana haki ya dhamana kwa kuwa Katiba inamhesabu hana hatia", likatae. Ibara ya 13(6)(b) ya Katiba kweli inamhesabu hana hatia mpaka ithibitishwe, lakini ibara ya 15 inaruhusu mtu kunyimwa uhuru kwa utaratibu uliowekwa na sheria.

Mabishano juu ya kifungu hicho yana historia, na mwalimu anaweza kuuliza. Mwaka 1991, katika shauri la Daudi Pete, Mahakama ya Rufani ilifuta sehemu yake moja kwa kuwa ilikuwa pana kupita kiasi, ikiwafungia watu bila utaratibu wa kuwakinga. Mwaka 2018, katika shauri la Mtobesya, ilikubaliana na Mahakama Kuu kwamba Mkurugenzi wa Mashtaka hawezi kuzuia dhamana kwa kuwasilisha hati yake tu, mahakama ikafungwa mikono. Kisha mwaka 2020, katika shauri la Dickson Sanga, Mahakama Kuu ilisema kifungu chote cha 148(5) kinakwenda kinyume cha Katiba, na Mahakama ya Rufani mwaka huohuo ikautengua uamuzi huo. Kwa hiyo orodha ya makosa yasiyo na dhamana ipo na inafanya kazi. Wanafunzi wengi husoma hukumu ya Mahakama Kuu wakaishia hapo.

Kama shemeji yako atashtakiwa, ataomba dhamana upya mahakamani, kwa kuwa ile ya polisi haimfuati. Hakimu ataweka masharti: wadhamini, kiasi cha hati, labda asitoke nje ya eneo fulani bila ruhusa, na akiwa na pasipoti aisalimishe. Kwa mvuvi sharti la kutotoka nje ya eneo linauma, maana samaki hawajui mpaka wa wilaya. Aliseme mapema mbele ya hakimu, kabla sharti halijaandikwa. Sheria inasema kiasi cha dhamana kilingane na uzito wa kosa na kisizidi kiasi, na Mahakama Kuu ina mamlaka ya kukipunguza. Zamani maombi ya namna hiyo kutoka huku yalikwenda Tabora. Siku hizi Mahakama Kuu ipo hapahapa Kigoma.

Kuna mtego mmoja wa mwisho. Mashauri ya wizi mara nyingi hufunguliwa Mahakama ya Mwanzo, na huko Sura ya 20 siyo inayoongoza mwenendo. Mahakama za Mwanzo zina kanuni zake za jinai katika Jedwali la Tatu la Sheria ya Mahakama za Mahakimu, Sura ya 11. Kwa hiyo swali likitaja Mahakama ya Mwanzo, kisha likakupa chaguo lenye kifungu cha 148, liangalie kwa mashaka. Na kwa shemeji yako, jambo la kwanza kuliuliza kituoni siku atakayoripoti ni jalada linapelekwa mahakama ipi. Aende siku hiyo iliyoandikwa kwenye hati yake ya dhamana, kwa saa iliyoandikwa, hata kama aliyemdhamini amesikia kwamba mlalamikaji ameghairi. Asipokwenda, mdhamini anaweza kudaiwa kile kiasi kilichoandikwa.